Jicho ni Haki, Kumsingizia Jirani Si Haki



Juzi nilipigiwa simu usiku, mwendo wa saa nne, niende mbio kwa ploti moja hapa Marachi, Busia. Nilipofika nilikuta vijana wetu kama wanane wamesimama uani. Katikati kulikuwa na beseni ya maji. Mlangoni pa chumba chake alikuwa amekaa mama mzee, leso mdomoni, anatetemeka. Watoto wa ploti humwita kukhu. Huyo mama anauza omena sokoni, ni mjane, na si Muislamu.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Kijana mmoja wa boda boda alichukua pikipiki mpya kwa mkopo. Akapiga picha, akaweka kwa stetasi yake ya WhatsApp. Asubuhi akitoka nayo, kukhu alikuwa anaanika omena, akamwambia, "Eh, mwanangu! Hii sasa ni mali kweli." Siku ya nne kijana akaanguka barabara ya Bumala, akavunjika mguu. Mtu fulani akampa namba ya mwanamume anayejiita shehe. Huyo shehe akauliza jina la mama yake kijana, akataka atumiwe shilingi 4,500, kisha akasema aliyempiga jicho ni "mwanamke mzee, anakaa karibu, anauza kitu chenye harufu." Basi. Hukumu ikawa imetoka.

Marafiki wa kijana walikuja na beseni kwa sababu mmoja wao alikuwa amesikia hadithi kwamba mtu akiombwa anawe kwa ajili ya jicho, na anawe. Walitaka kukhu anawe mbele ya watu, na akikataa, ahame usiku huo huo. Nilipowazuia, mmoja akaniuliza kwa hasira, "Kwani wewe unakataa hadithi? Si iko kwa Sahihi Muslim?"

Swali lake lilikuwa la haki, na usiku ule sikuwa na nafasi ya kulijibu vizuri. Nalijibu hapa, kwa sababu najua wengi wenu mngeuliza vile vile.

Kwanza, hadithi ipo na siikatai. Ibn Abbas (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alisema jicho ni haki, yaani ni kitu cha kweli, na kwamba kama kuna kitu ambacho kingeweza kuitangulia kadari basi ni jicho, na kwamba mkiombwa kunawa, naweni. Iko kwa Muslim kweli. Kwa hivyo anayesema jicho ni imani ya washamba tu, hana hoja mbele ya Sunna. Lakini hadithi moja husomwa pamoja na kisa chake. Na kisa cha kunawa kipo, kimepokewa na Imam Malik katika Muwatta, na pia Ahmad na Ibn Majah. Vijana wetu walichukua beseni wakaacha kisa. Hebu tukipitie polepole.

Sahl bin Hunaif (R.A.) alikuwa Ansari, mtu wa Badr. Walikuwa safarini na Mtume (S.A.W.), wakafika mahali panapoitwa Kharrar. Sahl akavua joho lake akaanza kuoga. Alikuwa mtu mweupe mwenye ngozi nzuri sana. Amir bin Rabia (R.A.) akamwona, akashangaa, akasema hajawahi kuona ngozi kama ile, hata ya mwanamwali anayefichwa ndani. Hapo hapo Sahl akaanguka, homa ikampanda, hakuweza kuinua kichwa.

Mtume (S.A.W.) akaletewa habari. Akauliza kama kuna mtu wanayemtuhumu. Wakamwambia ni Amir bin Rabia, alimtazama na kusema kadha wa kadha. Mtume akamwita Amir, akamkasirikia, akauliza kwa nini mtu amuue ndugu yake, na mbona alipoona kinachompendeza hakumwombea baraka. Kisha akamwamuru anawe kwa ajili yake. Amir akanawa uso, mikono, viwiko, magoti, ncha za miguu, na sehemu ya ndani ya shuka lake, maji yakakusanywa ndani ya chombo, akamwagiwa Sahl. Sahl akaondoka na wenzake kama hakuwa na kitu.

Sasa simama hapo uangalie Amir ni nani. Huyu ni katika Waislamu wa mwanzo kabisa. Alihama kwenda Habasha akikimbia mateso ya Makka, na akapigana Badr. Si mchawi, si fasiki, na hakuna aliyesema alimchukia Sahl. Alipendezwa tu, na alipopendezwa akanyamaza bila kutaja baraka. Ndiyo maana wanavyuoni, kama Ibn al-Qayyim, hutenganisha mambo ambayo sisi huyachanganya. Hasadi ni kutamani neema iliyo kwa mwenzako imtoke. Hiyo ni dhambi ya moyo, na ndiyo iliyomwangusha Iblis mbele ya Adam na kuwafanya ndugu zake Yusuf wamtupe kisimani. Jicho linaweza kutoka kwa hasidi, lakini pia linaweza kutoka kwa mtu mwema aliyeshangazwa na kitu, tena mtu anaweza kupiga jicho mali yake mwenyewe, au mtoto wake. Uchawi ni kitu cha tatu, ni kazi inayofanywa kwa makusudi kwa kushirikiana na mashetani. Ukimwita mtu mchawi kwa sababu unashuku jicho, umemtoa kwenye kosa la Amir ukampeleka kwenye ukafiri. Hilo ni neno zito sana kulibeba Siku ya Kiyama.

Halafu angalia tuhuma yenyewe ilisimama juu ya nini. Mtume (S.A.W.) aliuliza, na jibu lilikuwa la watu waliokuwepo: wameona Amir akimtazama Sahl, wamesikia maneno yake, na Sahl ameanguka pale pale. Hakuna aliyepiga ramli, hakuna aliyeuliza jina la mama ya Sahl. Kwa kukhu mlikuwa na nini? Maneno ya sifa ambayo nusu ya ploti ilisema, ajali iliyotokea siku ya nne, na mtu wa simu aliyesema "anauza kitu chenye harufu." Hapa Busia ni nani asiyeuza kitu chenye harufu? Omena ina harufu, samaki ana harufu, kitunguu kina harufu, hata mafuta ya taa. Na ile stetasi iliangaliwa na watu zaidi ya mia mbili. Mbona hamkuwapelekea mabeseni hao?

Huyo mtu wa simu kazi aliyoifanya ina jina katika dini. Anayedai kujua kilichofichika huitwa kahini au arrafu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, na iko kwa Muslim, kwamba anayemwendea arrafu akamuuliza jambo, sala zake za siku arobaini hazikubaliwi. Kwa hivyo kijana wetu alikwenda kutafuta dawa ya jicho, akarudi na hasara kubwa kuliko mguu.

Na mwisho wa kisa, Amir alifanywa nini? Alikaripiwa, akaambiwa anawe, akanawa, safari ikaendelea. Hakupigwa, hakufukuzwa, hakuvuliwa heshima yake ya Badr, hakuitwa jina baya hadi kufa kwake. Kunawa ni msaada ambao ndugu anampa ndugu yake mgonjwa. Mkikuja usiku watu wanane, mmesimama juu ya mama mzee, na kutishia kumhamisha, hapo hamjaomba maji. Mmeweka mtihani wa kumjaribu mtu kama ana hatia au hana. Ningekuwa na sababu ya kweli ya kushuku, ningemtuma mtu mzima mmoja anayeheshimika, mchana, aende kwa upole, na pasiwe na mtu anayesikiliza dirishani. Na kama sina sababu, siendi. Nasoma tu, kwa sababu kisomo hakihitaji kumjua aliyenipiga jicho.

Hapo ndipo nataka tufike. Dawa kubwa ya jicho haihitaji mshukiwa. Asma bint Umais (R.A.) alimwambia Mtume (S.A.W.) kwamba watoto wa Jafar hupigwa na jicho haraka, je awasomee? Akamjibu ndiyo. Hakumuuliza ni jirani gani. Mama akaenda kuwasomea watoto wake, ikaisha.

Basi ni kisomo gani kinakubalika? Auf bin Malik (R.A.) alisema walikuwa na visomo vyao tangu zama za ujahili, wakamuuliza Mtume (S.A.W.). Akawaambia wamwonyeshe, na kwamba hakuna ubaya katika kisomo maadamu hakina shirki. Kutokana na hili na mengine, Ibn Hajar ametaja katika Fathul Bari kwamba wanavyuoni wamekubaliana ruqya inajuzu kwa masharti matatu. Iwe kwa maneno ya Mwenyezi Mungu au majina na sifa zake. Iwe kwa Kiarabu au kwa lugha ambayo maana yake inaeleweka. Na msomaji na msomewa waamini kwamba kisomo hakifanyi kazi chenyewe, bali anayeponya ni Allah. Weka masharti hayo kichwani kama ratili, kila unacholetewa kipime.

Ukishapima hivyo utaona kwamba yaliyothibiti ni machache na mepesi, na karibu yote unayajua tangu chuoni.

La kwanza ni sura mbili za mwisho wa Msahafu, Falaq na Nas. Abu Said al-Khudri (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga na majini na jicho la wanadamu kwa maneno mbalimbali, ziliposhuka sura hizi mbili akazishika akaacha mengine. Angalia Falaq inavyomalizikia: kwa kujikinga na shari ya hasidi anapohusudu. Ukiongeza Ikhlas, ukazisoma tatu hizo mara tatu asubuhi na mara tatu jioni, basi Abdullah bin Khubaib (R.A.) aliambiwa na Mtume usiku mmoja wa mvua na giza kubwa kwamba zinamtosha na kila kitu. Na kabla ya kulala, Bibi Aisha (R.A.) anasema Mtume alikusanya viganja vyake, akapuliza na kuzisoma, akajipangusa mwili kuanzia kichwani na usoni, mara tatu. Hiyo iko kwa Bukhari. Ni dakika mbili tu.

La pili ni Ayatul Kursi unapolala, kwa hadithi ya Abu Huraira (R.A.) alipokuwa analinda chakula cha Zaka. Na la tatu ni Fatiha kwa mgonjwa. Hii ina kisa chake, na kisa hicho hutumiwa vibaya na wale wa kuuza visomo, kwa hivyo ni vizuri mkijue. Maswahaba walipita kwa kabila moja, wakanyimwa hata ukarimu wa mgeni. Kiongozi wa kabila akaumwa na nge. Swahaba mmoja akakubali kumsomea kwa sharti la kupewa kondoo, akamsomea Fatiha, mgonjwa akainuka. Hata hivyo waliogopa kugusa wale kondoo mpaka wamuulize Mtume (S.A.W.), naye akawaruhusu. Kwa hivyo kupewa ujira si haramu. Lakini pale mgonjwa alipona kwanza, na kilichosomwa kilikuwa Fatiha, wala hakuna aliyetajiwa adui.

Kwa watoto kuna dua maalumu. Ibn Abbas anasimulia, na iko kwa Bukhari, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwakinga wajukuu zake Hassan na Hussein kwa kuwaombea hifadhi kwa maneno ya Allah yaliyotimia, dhidi ya kila shetani, kila kidudu chenye sumu na kila jicho lenye kudhuru, na akasema Nabii Ibrahim alikuwa akiwakinga Ismail na Is-haka kwa maneno hayo hayo. Kama huijui, muulize ustadhi wako Ijumaa hii akuandikie, ni mstari mmoja. Dada yangu mwenye mtoto mchanga, hii ndiyo badala ya ule uzi mweusi uliofungwa mkononi na ile shanga ya kiunoni. Uzi hauna sharti hata moja kati ya yale matatu.

Pia kuna ile Jibril (A.S.) aliyomsomea Mtume (S.A.W.) alipougua: anataja jina la Allah, anamwombea kinga na kila kinachomuudhi, na shari ya kila nafsi au jicho la hasidi, kisha anaomba Allah amponye. Iko kwa Muslim. Ukiyashika haya tu, huna haja ya namba ya shehe yeyote wa simu.

Najua mtauliza kuhusu hirizi na kombe. Hirizi ya mifupa, ngozi, herufi zisizosomeka na miraba ya tarakimu hazina mjadala, kwa sababu zimeanguka sharti la pili na mara nyingi hata la kwanza. Na hadithi ya Uqba bin Amir (R.A.) kuhusu kutundika hirizi ni kali, imeiita shirki. Hirizi yenye Qurani tupu ndani, hiyo Maswahaba na waliowafuata walitofautiana. Imepokewa kwamba Abdullah bin Amr alikuwa akiwaandikia watoto wadogo wasioweza kuhifadhi, ilhali Ibn Masud na wanafunzi wake walikataa hirizi zote. Kombe, yaani kuandika aya kwa zafarani, kuosha na kunywa, wako wanavyuoni wakubwa walioiruhusu, akiwemo Imam Ahmad, na wako walioichukia. Msimamo wangu ni kuacha kutundika, kwa sababu mlango ukifunguliwa kwa Qurani, hakuna anayekagua ndani ya ngozi kuna nini. Lakini bibi yako wa Mombasa akinywa kombe la aya zinazojulikana, usimwite mshirikina. Hilo lina nafasi ya tofauti. Kumtaja jirani kwa ramli halina nafasi.

Sasa turudi kwa Amir, kwa sababu mafundisho mengi kuhusu jicho huwa ya kujikinga na wengine, na Mtume (S.A.W.) alianza na yule mwenye jicho. Swali lilikuwa: mbona hukuomba baraka? Ukiona pikipiki ya mwenzako, duka lake, mtoto wake mnene, matokeo yake ya mtihani, sema "Allahumma baarik", au "Baarakallahu fiik". Sisi tumezoea "Mashaallah" tu. Mashaallah ni neno zuri, na asili yake ni Suratul Kahf, pale mwenye bustani alipokumbushwa aseme alipoingia bustani yake mwenyewe. Lakini katika kisa cha Sahl neno lililodaiwa ni baraka. Basi ziunganishe: "Mashaallah, Allahumma baarik." Na ukihisi moyo unawaka kwa nini ni yeye na si mimi, huo ndio wakati wa kuisema kwa sauti, hata kama ulimi ni mzito. Kutamani upate kama alichopata bila kuomba kimtoke si dhambi, na katika elimu na kutoa mali katika njia ya Allah imesifiwa. Kutamani kimtoke ndiyo hasadi.

Na wewe mwenye neema, punguza matangazo. Nabii Yakub (A.S.) alimwambia Yusuf asiwasimulie ndugu zake ile ndoto. Na baadaye alipowatuma wanawe Misri aliwaambia wasiingie kwa mlango mmoja, wapitie milango mbalimbali. Ibn Abbas na wafasiri wengine wamesema alihofia jicho, maana walikuwa vijana wengi wazuri wa baba mmoja. Lakini papo hapo aliwaambia kwamba yeye hawezi kuwazuilia lolote kwa Allah. Chukua tahadhari, halafu tegemea. Pikipiki ya mkopo ambayo hujalipa hata wiki moja, kwani lazima ionekane na watu mia mbili?

Tena tahadhari haiishii kwa kisomo. Nilipokaa na kijana kesho yake, mguu ukiwa umefungwa plasta, aliniambia mwenyewe kwamba alikuwa amebeba abiria wawili na gunia, mvua imenyesha, akijaribu kulipita lori. Sisemi jicho halikuwepo, mimi na wewe hatujui. Nasema sababu iliyo wazi isirukwe ili tumfuate mama wa omena. Hili ni hatari zaidi kwa watoto. Huku kwetu mtoto akitapika na kuendesha, wengine husema ni jicho la chakula, lile majirani zetu Wajaluo wanaliita sihoho, akapelekwa kwa mtu wa kumsugua tumbo. Mtoto anayeendesha, macho yamezama, mdomo umekauka, hakojoi, huyo amekaukiwa maji na anaweza kufa siku hiyo hiyo. Mbebe mpeleke hospitali, ukimsomea Falaq na Nas njiani. Mtume (S.A.W.) aliyetufundisha ruqya ndiye aliyetuamuru tujitibu. Msomaji yeyote anayekwambia uache hospitali, mkimbie. Anayeuliza jina la mama yako, anayetaka kuku wa rangi fulani, anayetaka kubaki peke yake na dada yako chumbani, anayekutajia adui, mkimbie hata kama ana kilemba na anaanza na Bismillah.

La mwisho linahusu sisi kama wanaharakati. Oktoba 2021, kule Marani, Kisii, akina mama wanne wazee waliuawa na umati kwa kusingiziwa uchawi. Umati ule haukuanza na moto. Ulianza na mtu mmoja kusema "ni yule." Sheria ya Kenya ya Uchawi, Sura ya 67, ya tangu 1925, inahesabu kumsingizia mtu uchawi kuwa kosa, isipokuwa umepeleka malalamiko kwa chifu, polisi au mamlaka inayohusika. Vijana wetu wanane wangeweza kulala seli usiku ule, na wangestahili.

Lakini kabla ya sheria kuna aibu. Ni mara ngapi tumesimama hapa kulalamika kwamba kijana wetu amesimamishwa kwa sababu ya kofia, dada yetu amehojiwa kwa sababu ya buibui, mtu amechukuliwa kwa sababu kuna aliyesema "ni wale"? Tunadai ushahidi, tunadai mtu asihukumiwe kwa sura. Halafu usiku tunamhukumu mjane kwa sababu anauza kitu chenye harufu? Dhana nyingine ni dhambi, Suratul Hujurat imetuambia wazi. Na jirani ana haki yake, Muislamu au si Muislamu.

Usiku ule beseni nilimwaga mwenyewe. Siku ya Jumapili kijana alikwenda kwa magongo yake hadi kwa kukhu, pamoja na imamu, akamwomba radhi. Kukhu alilia, akasema alifurahia pikipiki kwa sababu yule kijana humbebea gunia lake la omena bure. Zile shilingi 4,500 hazijarudi, na ile namba haipatikani.

Leo jioni baada ya Magharibi, soma zile sura tatu mara tatu. Kisha mtafute mtu mmoja ambaye mafanikio yake yamekuwa yakikuchoma, umwambie, "Allah akubariki katika ulichopewa."

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.